Barua ya Kufunga Tiba Iandikwe kwa Ajili ya Siku Hofu Itakaporudi

(Hotuba kwa washauri nasaha, maafisa ustawi wa jamii, walimu walezi na wazazi, Dodoma)

Mbukwenyi! Nawasalimu nyote, na nawashukuru wazazi mlioacha shughuli zenu kuja kutusikiliza.

Leo nataka kuzungumzia karatasi moja tu, ile barua tunayowapa wazazi siku ya kikao cha mwisho. Wengi wetu huiandika haraka, mtoto amepata nafuu, kila mtu ana furaha, nasi tunajaza pongezi. Mama anaisoma, anaikunja, anaiweka kabatini pamoja na kadi za kliniki. Miezi inapita, siku moja anaona dalili aliyoizoea, anaifungua barua, na ndani yake anakuta tumemwandikia kwamba mtoto wake ni jasiri. Afanye nini na maneno hayo? Mimi nashikilia kwamba barua hii iandikwe kwa ajili ya siku hiyo mbaya. Siku njema haihitaji barua.

Nitawaeleza kupitia binti mmoja wa miaka 11. Nimechanganya habari za familia zaidi ya moja ili asitambulike mtu, lakini kila ninachosema kimetokea katika nyumba za mji huu.

Binti huyu aliletwa akiwa na ugonjwa wa mawazo ya kung'ang'ania na matendo ya kurudiarudia. Wazo lake lilikuwa kwamba mikono yake ina vijidudu, kwamba atamwambukiza mdogo wake, na mdogo wake atakufa. Ili wazo litulie alinawa, kisha likarudi, akanawa tena hadi viwikoni. Mikono ilipasuka mpaka kushika kalamu ikawa shida. Nanyi mnajua maji ya mitaa yetu ya pembezoni: yana siku zake, na yasipotoka mtu ananunua kwa toroli. Peke yake alikuwa anamaliza ndoo nne za lita 20 kwa siku. Ugomvi wa ndani ya nyumba ulianzia kwenye maji, kabla mtu hajajua kuna ugonjwa.

Wazazi walisema yote yalianza baada ya matangazo ya kipindupindu shuleni. Hapa ndipo barua ilipoanza kufanya kazi yake, maana mama alikuwa amejilaumu, na bibi alikuwa amemlaumu mwalimu. Tuliandika hivi:

"Matangazo hayakumletea mtoto ugonjwa huu. Darasa zima lilisikia tangazo lile lile. Ugonjwa huu huchukua jambo lolote linalozungumzwa na kuligeuza hofu. Ndiyo maana siku nyingine unaweza kuacha vijidudu na kushika jambo jingine kabisa. Tutawaeleza chini namna ya kuutambua hata ukibadilisha sura."

Angalieni sentensi ya mwisho. Mzazi anayejua kwamba tatizo lilikuwa kunawa, atalinda kunawa. Mtoto akianza kusoma ukurasa mmoja mara kumi, au kurudia sala kwa sababu anahisi hakuisali vizuri, mzazi atasema huu ni uchaji au bidii ya masomo. Kumbe ni ugonjwa ule ule. Kwa hiyo barua lazima ieleze jinsi unavyofanya kazi: wazo linakuja, linatisha, mtoto anafanya tendo ili atulie, anatulia kidogo, na utulivu huo mfupi unamfundisha kwamba bila tendo lile angeangamia. Mzunguko huu ukieleweka, mzazi atautambua popote utakapojitokeza.

Sasa nije kwenye mafanikio, kwa sababu hapa ndipo tunapoharibu sana. "Ameendelea vizuri sana" haimsaidii mtu. Mafanikio yaandikwe kwa vipimo ambavyo familia yenyewe inaweza kuvipima tena bila sisi. Sisi tulikuwa na kipimo chetu cha maswali kumi, chenye alama 0 hadi 40. Alianza na 27, ambazo ni ugonjwa mkali, akamaliza na 9, ambazo ni dalili hafifu. Alama hizo tuliziandika mstari mmoja tu, kwa ajili ya mtaalamu mwingine atakayempokea siku zijazo. Kwa wazazi tuliandika maji:

"Mlipokuja, binti yenu alitumia ndoo nne kwa siku na alikaa bafuni zaidi ya saa mbili. Sasa ndoo moja inamtosha kwa kuoga na kunawa, na muda wa kunawa kwa siku nzima haufiki dakika kumi na tano. Anafungua mlango wa choo cha shule kwa kiganja. Anashika bomba la daladala. Anambeba mdogo wake."

Kisha, jambo ambalo barua nyingi hazina, tuliandika nani alifanya nini. Mafanikio yasipoelezewa chanzo chake yanaonekana kama bahati, au kama kipaji cha mshauri. Mtoto alikuwa ametengeneza ngazi yake ya hofu, kila jambo akilipa namba kuanzia 0 hadi 10. Kushika kitasa cha mlango wa nyumbani alikipa 3. Kushika sarafu aliyorudishiwa chenji, 5. Bomba la daladala, 7. Kumshika mdogo wake shavuni baada ya kutoka sokoni, 10. Alipanda taratibu, anashika, hanawi, anasubiri. Mara nyingi hofu ilishuka yenyewe, na hata siku iliyochelewa kushuka alijifunza kwamba anaweza kuendelea na mchezo akiwa nayo. Hiyo ndiyo dawa iliyompa nafuu, na barua iliitaja kwa hatua zake.

Upande wa wazazi tuliandika kwa upole lakini bila kuficha. Mama alikuwa anamfungulia milango. Baba alikuwa anabadili nguo getini kila akirudi kazini. Bibi alikuwa anajibu "ni safi, mjukuu wangu" mara nyingi kuliko anavyoweza kuhesabu. Wote walifanya kwa mapenzi, na kila mmoja, bila kujua, alikuwa anaulisha ugonjwa. Kwa wiki kadhaa walipunguza kimoja kimoja, binti akijua na akikubali. Tuliandika:

"Mlipoacha kujibu swali la 'ni safi?', siku tatu za kwanza zilikuwa ngumu kuliko zote. Alilia, na Bibi akaumia. Siku ya nne aliuliza mara mbili tu. Kumbukeni wiki ile. Ikibidi kuirudia, mnajua kwamba siku ngumu huja mwanzoni na kwamba hupita."

Ndugu zangu, mzazi aliyesoma maneno hayo hataogopa kilio cha siku ya kwanza. Asiyeambiwa ataona kilio, atarudi kujibu, na ugonjwa utakuwa umejifunza kwamba ukilia sana unalipwa.

Tuliandika pia kilichobaki. Binti alikuwa bado anakunja uso akiona mtu amekohoa karibu naye, na chakula cha misibani alikuwa hajakijaribu. Wapo wenzangu wanaoona kuandika mapungufu siku ya kuagana ni kuvunja moyo. Sikubaliani nao. Mtoto akishtuka msibani wiki ijayo, mama asiyejua atasema "umerudi". Mama anayejua atasema "hili hatukuwahi kulifikia, tulipandie ngazi."

Hapo ndipo tunaingia kwenye kiini, nacho ni kurudi kwa hofu. Wazazi hutuuliza, "Amepona kabisa?" Jibu la kweli ni kwamba hofu haifutiki hata mtoto akifundishwa upya. Ni kama njia ya zamani ya ng'ombe porini: tumelima njia mpya, mtoto anaipita kila siku, lakini ile ya zamani ipo chini ya nyasi. Wataalamu wanaotafiti namna hofu inavyozimika wameonyesha mara nyingi kwamba huweza kuchomoza tena kwa sababu tatu za kawaida. Ya kwanza ni muda kupita bila mazoezi. Ya pili ni mazingira kubadilika: mtoto aliyejizoeza nyumbani Dodoma anafika kwa ndugu Kondoa, choo ni kingine, ndoo ni nyingine, na mwili wake unaogopa kana kwamba hajawahi kujifunza. Ya tatu ni tukio la kutisha, kama ndugu kulazwa au ugonjwa kuingia mtaani.

Kwa hiyo barua yetu ilikuwa na kalenda ya familia hii. Januari, shule zinapofunguliwa na mvua zinanyesha, ndipo matangazo ya kipindupindu huweza kuja tena. Likizo ya Juni, safari ya kijijini. Septemba ya darasa la saba, mtihani wa taifa. Na Januari itakayofuata, endapo atapangiwa sekondari ya bweni, maana huko hakuna mama wala ngazi iliyobandikwa ukutani. Kila kipindi tuliandika jambo moja la kufanya wiki mbili kabla: kurudia ngazi mbili za zamani, mahali pasipo nyumbani. Siyo zaidi.

Dalili za mapema nazo ziwe za mtoto huyu. Orodha ya vitabuni haimfai mama anayepika huku anasikiliza maji yanavyomwagika. Tuliandika kwamba atazameni ndoo: ikizidi moja na nusu kwa siku tatu mfululizo, jambo limeanza. Atazameni mkono wa sweta: akianza kuuvuta ufunike kiganja ili ashike mlango, jambo limeanza. Sikilizeni swali la "una uhakika?", kwa sababu huyu binti, kabla ya kuanza kunawa, huwa anauliza. Dalili ya mwisho aliitaja yeye mwenyewe, sisi tusingeijua: "Nikianza kumkwepa mdogo wangu na kusema nina kazi za shule."

Kisha tukatofautisha kuteleza na kuanguka. Kuteleza ni siku chache za dalili kurudi, na kunatarajiwa. Kuanguka ni pale mawazo na matendo yanapokula zaidi ya saa moja kwa siku, au mtoto anapoacha shule, kula na wenzake, au kulala kwa sababu yake. Saa moja hiyo ndiyo mpaka ambao wataalamu huutumia sana hata wakati wa kutambua ugonjwa wenyewe, na mzazi anaweza kuipima kwa saa ya ukutani.

Mpango wa kuteleza ulikuwa mfupi. Nausoma ulivyo:

"Siku ya kwanza, mwambieni kwa sauti ya kawaida: 'Naona King'ang'anizi amebisha hodi.' Ndilo jina alilolipa ugonjwa wake. Msimfokee, msimfungie maji, msimcheke mbele ya wageni. Siku ya pili, kaeni naye mchore ngazi fupi ya mambo matatu, achague la chini. Alifanye kila siku, mmoja wenu akiwa karibu bila kumhakikishia chochote. Akiuliza 'ni safi?', jibuni wote maneno yale yale: 'Hilo ni swali la King'ang'anizi, nami simjibu. Wewe nakujibu: tuendelee.' Bibi pia. Mkifanya hivyo wiki mbili na ndoo haijapungua, pigeni simu. Ikizidi saa moja kwa siku, msisubiri wiki mbili."

Nasisitiza neno hilo la kutofungia maji. Kuna wazazi wakishaelewa kwamba kunawa kunalisha ugonjwa, hugeuka askari wa bomba. Tiba hii hufanya kazi mtoto anapochagua kutonawa huku akiweza kunawa. Akizuiwa kwa nguvu, anajifunza kujificha, naye atanawa kwa jirani.

Swali gumu kuliko yote aliliuliza baba, na lilikuwa la haki: "Kipindupindu kikija kweli, nimwambie mwanangu asinawe?" Hapana. Barua iliandika kanuni ya usafi ya nyumba nzima. Mikono inanawiwa kwa maji tiririka na sabuni baada ya choo, kabla ya kula au kushika chakula, na baada ya kushika mifugo au uchafu unaoonekana. Kusugua ni sekunde 20, mara moja, basi. Mamlaka za afya zikitangaza zaidi, binti afanye kile kinachofanywa na darasa lake lote, asizidishe. Na tuliwapa njia ya kutofautisha: anayenawa kwa afya huacha mikono inapokuwa safi, na anayenawa kwa ugonjwa huacha anapohisi sawasawa. Mkimwona amemaliza sabuni, amesuuza, kisha amesimama kama anasikilizia kitu ndani yake halafu anaanza upya, huyo hanawi kipindupindu.

Mengine nitayapitia haraka. Kama mtoto anatumia dawa, barua imtaje daktari anayezisimamia na iseme wazi kwamba haziachwi ghafla kwa sababu mtoto amechangamka. Ziara za kufuatilia ziandikwe kwa tarehe. Sisi huweka mwezi wa kwanza, wa tatu na wa sita, na mtoto aje hata akiwa mzima, ili kurudi kwetu kusiwe alama ya kushindwa. Dalili zisizosubiri ziwe na mstari wake: mtoto akisema anataka kufa, akijiumiza, au akikataa kula na kunywa kwa kuogopa uchafu, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Simu ya huduma kwa mtoto, 116, nayo tuliiandika, kwa kuwa mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.

Kuhusu siri nisiende haraka. Katika mji huu ukitaja tiba ya akili, mtu anataja Mirembe, na wapo wanaoitaja kwa kebehi, jambo linaloniumiza, maana hospitali ile imewahudumia watu wetu miaka mingi. Familia inaogopa barua isije ikaonwa na jirani. Basi bahasha isiwe na maandishi nje. Undani wa mawazo ya mtoto, hasa yale yanayomtia aibu, usiandikwe kabisa, kwani wazazi wanaweza kuutekeleza mpango bila kusoma undani huo. Mwalimu mlezi apewe karatasi yake tofauti, wazazi na mtoto wakiridhia, yenye mambo matatu tu: asimruhusu kutoka darasani kunawa nje ya nyakati za kawaida, asimhakikishie usafi, na ampigie mama akiona sweta inafunika viganja.

Na barua isomwe kwa sauti katika kikao cha mwisho, mtoto akiwepo, bibi akiwepo. Katika kikao hicho bibi alisema haoni vizuri maandishi, tukamrekodia sehemu ya mpango kwenye simu yake. Binti akapewa kalamu aongeze yake, akaandika: "Msiniambie nimerudi kule. Niambieni niko ngazi ya ngapi." Sentensi hiyo tuliiacha kama ilivyo, juu ya sahihi zetu.

Niwaambie kilichotokea, ili msidhani nimeleta nadharia. Tiba ilifungwa Oktoba. Ziara ya Novemba ilikuwa shwari. Januari, mvua zimeshika, matangazo ya kunawa mikono yakapita mtaani kwa kipaza sauti. Mama aliona ndoo mbili. Siku ya tatu akaona tena mbili, akafungua kabati akatoa barua. Alisema alipofika pale palipoandikwa "Januari", alikaa chini, kwa sababu alikuwa ameanza kuamini kwamba kazi yote imepotea, na karatasi ilikuwa inamwambia kwamba walilijua hili litakuja.

Walichora ngazi ya mambo matatu: kitasa, sarafu, kumlisha mdogo wake uji baada ya kunawa mara moja tu. Kitasa kilichukua siku mbili. Sarafu ilikwama, kwa sababu baba, akimwonea huruma, alimjibu "ni safi" asubuhi moja akiwa anakimbilia kazini, na mchana ule binti akauliza bila kukoma. Jioni baba akasoma mpango tena na kurudi kwenye maneno yaliyokubaliwa. Mwisho wa wiki ya pili ndoo ilikuwa moja na kidogo, na muda wa kunawa ulikuwa chini ya dakika ishirini.

Hata hivyo walipiga simu, wakawahisha ziara yao ya Januari. Mama alikuwa ameona jambo ambalo si maji: binti alikuwa anachelewa kulala, midomo ikichezacheza, na alipoulizwa alisema anarudia sala ya usiku mpaka itoke bila kukosea neno, la sivyo mdogo wake hataamka. Bibi alikuwa amefurahi kwamba mjukuu amekuwa mcha Mungu. Mama alikumbuka mstari wa ugonjwa kubadilisha sura. Tulikutana nao wiki ile ile, mara mbili tu, na kwa ridhaa ya familia tukamwomba kiongozi wao wa dini amwambie binti mwenyewe, mara moja, kwamba sala husaliwa mara moja hata ulimi ukiteleza. Mara moja, kwa sababu ya pili ingekuwa kumhakikishia. Kisha binti akapanda ngazi ya kusali huku akikosea neno moja kwa makusudi na kulala hivyo hivyo. Usiku wa kwanza aliupa 9. Baada ya siku kumi aliupa 3.

Ziara ya Aprili ilikuwa ya kawaida. Tulitoa barua ile, tukaongeza mistari miwili chini ya dalili za mapema: "Kurudia sala, au kitu chochote, hadi ahisi sawasawa" na "Kuchelewa kulala bila sababu." Tukabadilisha tarehe, wote wakasaini upya, na mama akairudisha kabatini.